Kwaheri ya Mtoto wa Miaka Kumi

Anayesimama kuiaga katuni ya Pokemon kwa niaba ya klabu ya mashabiki ana kazi moja ngumu: hakuna marehemu. Satoshi, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Ash, alianza safari na Pikachu Aprili 1997 akiwa na miaka kumi. Alipoagwa Machi 2023, bado alionekana mtoto yuleyule. Waliozeeka ni watazamaji.

Hotuba nzuri, kwa maoni yangu, ianzie hapo, isikariri orodha ya ushindi. Ubingwa wa dunia aliupata Novemba 2022, baada ya kushindwa ligi nyingi. Kumbe hata huo haukumaliza hadithi. Kipindi cha mwisho kilimwacha akiendelea na safari.

Mwezi uliofuata, Liko na Roy wakachukua nafasi yake.