Riwaya Moja, Vifupisho Vinne

Tuichukue Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, tujifanye mswada wake ndio kwanza unatafuta mchapishaji. Mhariri ataomba sinopsisi ya ukurasa mmoja au miwili, na humo hakifichwi kitu. Zakaria, baba mlevi, anamlea Rosa kwa ukali hadi kumpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti akishatoka nyumbani kwenda kusoma, uhuru unamzidi. Charles, mchumba wake, anamkataa akigundua si bikira, naye Rosa anajiua. Waandishi wachanga hupenda kumalizia na “Je, nini kitampata Rosa?” Swali hilo mahali pake ni jalada la nyuma, linalomshawishi mteja anunue. Mhariri anataka kuona kama kisa kinasimama mpaka mwisho.

Sasa mwanafunzi wa chuo kikuu ameandika makala kuhusu malezi katika riwaya hiyohiyo. Ikisiri yake, ambayo aghalabu huwa maneno 150 hadi 300, haisimulii kisa. Inaeleza alichouliza, alivyochunguza na alichopata. Kwenye alichopata ndipo nyingi zinapoanguka: “Makala hii inachunguza malezi katika Rosa Mistika na kutoa mapendekezo.” Mapendekezo gani? Afadhali angeandika: “Makala inaonyesha kuwa ukali wa Zakaria ulimnyima Rosa nafasi ya kujifunza kuamua mwenyewe, ndiyo maana uhuru ulimkuta hana kinga.” Msomaji wa sentensi hiyo anajua papo hapo kama aitafute makala nzima au aachane nayo. Ikisiri ambayo ingeweza kuandikwa kabla ya utafiti kuanza bado haijawa ikisiri.

Daijesti ni jambo jingine kabisa, kwa sababu msomaji wake hana mpango wa kurudi kwenye kitabu. Jarida la Reader's Digest, lililoanzishwa Marekani mwaka 1922, lilijijengea jina kwa kupunguza makala za wengine huku likibakiza sauti ya mwandishi. Rosa Mistika ikipunguzwa hivyo, kipigo cha ile barua kingebaki kama tukio, kwa maneno ya Kezilahabi mwenyewe. Ungekatwa mzunguko, si uhondo. Ila kazi hiyo inahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Muhtasari mfupi hauna makuu: “Riwaya kuhusu msichana wa Ukerewe anayeangamia baada ya malezi ya kibabe, iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania.” Unatosha ndani ya taarifa ya habari au barua kwa mkutubi.

Shida ni kwamba wakubwa wengi wa kazi husema tu, “Nitolee muhtasari.” Kabla hujashika kalamu, muulize bosi kama maandishi yenyewe atayasoma baadaye. Akijibu hapana, usimpe sentensi mbili.