Kifaransa kinavyouliza

Chukua sentensi Marie vend la maison, yaani Marie anauza nyumba. Mfaransa akitaka kumuuliza rafiki yake jambo hilo, hagusi neno hata moja. Hupandisha sauti tu kwenye silabi ya mwisho: Marie vend la maison ? Hapo sisi tuko nyumbani, maana nasi husema "Mariamu anauza nyumba?" kwa mtindo huohuo. Katika mazungumzo ya kila siku ndiyo njia inayosikika zaidi.

Njia ya pili ni kutanguliza est-ce que: Est-ce que Marie vend la maison ? Maneno hayo hutamkwa kwa mkupuo, karibu "eske", na kilichobaki hakibadiliki. Kazi yake ni kama ya "je" yetu ya mwanzoni, kumwarifu msikilizaji mapema kwamba anaulizwa. Mbele ya irabu, que huachia herufi yake ya mwisho: est-ce qu'elle vend. Anayejifunza akishika njia hii moja, atauliza dukani, darasani na hata kwa mkuu wake wa kazi bila kuonekana mkosefu wa adabu.

Ya tatu ndiyo yenye vikwazo, nayo ni ya barua rasmi, magazeti na mitihani. Kitenzi humtangulia mtendaji: vend-elle ? Lakini mtendaji akitajwa kwa jina, katika swali la ndiyo au hapana kitenzi hakimruki. Marie hubaki mahali pake, na kiwakilishi chake huja nyuma ya kitenzi: Marie vend-elle la maison ? Ile d husikika kama t. Na kitenzi kinachoandikwa kwa e au a mwishoni huongezewa t kabisa, ili kifanane na wenzake: Marie a-t-elle vendu la maison ? Angalia pia kwamba hapa kilichofuatwa na kiwakilishi ni a, kitenzi kisaidizi, vendu haikuguswa.

Nafsi ya kwanza hukataa mchezo huu mara nyingi. Vends-je haisemwi, mtu husema est-ce que je vends. Vimebaki vichache vinavyokubalika, kama puis-je, dois-je na ai-je.

Kosa la wanafunzi linalotambulika haraka ni kuchanganya njia mbili: Est-ce que Marie vend-elle la maison ? Est-ce yenyewe ni c'est iliyokwisha kupinduliwa, kwa hiyo kupindua tena ni kuuliza mara mbili. Ukiona est-ce que mwanzoni, kistari chenye kiwakilishi hakina nafasi baada ya kitenzi kinachofuata.

Hata hivyo, mpinduo haujahamia kwenye karatasi zote. Mtu anayeuliza saa barabarani bado anaweza kusema Quelle heure est-il ?, na Comment allez-vous ? ni salamu ya heshima ya kawaida.