Tovuti ya Duka la Keki: JavaScript Tupu au Fremuweki?

Mwenye duka la keki ana kurasa nne: picha, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp. Je, anahitaji fremuweki kama React au Vue? Hapana. Kufungua na kufunga menyu ya simu ni mstari mmoja tu:

```js
menyu.hidden = !menyu.hidden;
```

Fremuweki hapo ingemlia mteja bando bure.

Basi aihitaji lini? Akiweka kikapu. Mteja akiondoa keki moja, idadi, jumla ya bei na gharama ya kupelekewa vyote hubadilika. Kwa JavaScript tupu, fundi huandika kila badiliko kwa mkono. Akisahau moja, kikapu huonyesha keki 2 na bei ya keki 3. Fremuweki huchora upya kila sehemu inayotegemea taarifa iliyobadilika. Makosa ya namna hiyo yakianza kujirudia, wakati wake umefika.