Mlango Wenye Kufuli Mbili: Kipokezi cha NMDA na Kumbukumbu

Sinapsi ni mahali ambapo seli moja ya neva hukaribiana na nyingine bila kugusana. Mwanya unaobaki kati yao ni mwembamba mno, kama nanomita 20 tu, lakini mara nyingi mpigo wa umeme uliosafiri kwenye seli ya kwanza hukomea hapo. Ili habari ivuke, seli ya kwanza humwaga kemikali, ambayo katika sehemu kubwa ya ubongo ni glutameti. Glutameti huvuka mwanya na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili. Vipokezi hivyo hufunguka na kuingiza ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Sinapsi hazilingani nguvu. Nyingine huisukuma seli ya pili ipige umeme wake, nyingine huigusa kidogo tu. Swali lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi ni kama nguvu ya sinapsi inaweza kubadilika na ikabaki hivyo, kwa sababu kumbukumbu lazima iache alama mahali fulani.

Mahali pa kuitafuta alama hiyo palionyeshwa na msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, nchini Marekani, daktari wa upasuaji William Scoville alimfanyia Henry Molaison upasuaji ili kumwondolea kifafa kikali. Alikata sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, mkunjo ulioko ndani ya ubongo ambao umbo lake huwakumbusha wanasayansi farasi wa baharini. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kushika jambo jipya. Alizungumza vizuri na aliyakumbuka mengi ya utotoni, ila mtu aliyetoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni kwake. Scoville na mwanasaikolojia Brenda Milner waliieleza hali yake mwaka 1957, na hipokampasi ikawa mahali pa kwanza pa kuchunguza namna mambo yanavyohifadhiwa.

Alama yenyewe ilionekana Oslo, nchini Norwe. Katika maabara ya Per Andersen, kijana Terje Lømo aliona mwaka 1966 kwamba akichochea njia ya neva inayoingia hipokampasi ya sungura kwa mipigo ya haraka, mwitikio wa seli unaongezeka na haurudi ulipokuwa. Baadaye Tim Bliss alitoka Uingereza akaungana naye, na mwaka 1973 wakachapisha jaribio lao kamili. Sungura walikuwa chini ya dawa ya usingizi. Kwanza watafiti walituma mpigo mmoja mmoja na kupima mwitikio wa kawaida. Kisha walituma mfululizo mfupi wa mipigo ya kasi, kwa mfano mipigo 100 kwa sekunde kwa sekunde chache, halafu wakarudia ule mpigo mmoja mmoja. Kati ya sungura 18, katika 15 mwitikio ulikua na kubaki hivyo kwa muda wa kati ya nusu saa na saa 10. Upande wa pili wa ubongo, ambao haukupewa mfululizo huo, ulitumika kama kipimo cha kulinganishia, na hapo ndipo penye uzito wa jaribio: ongezeko halikutokana na sungura kuamka au damu kubadilika, lilikuwa la njia iliyochochewa. Hali hii huitwa uimarishaji wa muda mrefu wa sinapsi, na katika vitabu hufupishwa kwa herufi LTP.

Uvumbuzi huo ulikutana na wazo lililokwisha kusubiri. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alikuwa ameeleza kwamba seli moja inaposhiriki tena na tena kuisukuma nyingine ipige, kiungo kati yao hupata nguvu. Kwa Hebb, basi, haitoshi seli ya kwanza kutuma habari. Lazima na ya pili iwe imewaka wakati huohuo. Lakini sinapsi ni kitu kidogo sana kisicho na akili. Itajuaje kwamba mambo mawili yametokea pamoja?

Jibu limo katika kipokezi kimoja cha glutameti kiitwacho NMDA, na ni jibu zuri kiasi kwamba lastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Katika tabaka la hipokampasi liitwalo CA1, sinapsi nyingi zina aina mbili kuu za vipokezi vya glutameti. Cha kwanza ni AMPA, ambacho hufunguka mara tu glutameti inapokigusa, huingiza ioni za sodiamu, na ndicho kinachobeba mazungumzo ya kila siku. Cha pili ni NMDA. Nacho hunaswa na glutameti na kufunguka, lakini hakipitishi karibu chochote, kwa sababu ndani ya tundu lake amekaa mlinzi: ioni ya magnesiamu. Seli iliyotulia ina chaji hasi ndani, kiasi cha milivolti 70 chini ya sifuri, na chaji hiyo huivuta ioni ya magnesiamu, ambayo ni chanya, na kuikwamisha tunduni kama kizibo kwenye chupa.

Kizibo hutoka pale tu seli yenyewe inapopoteza sehemu kubwa ya chaji yake hasi, yaani inapokuwa imesukumwa vya kutosha. Mlango huu basi una kufuli mbili. Ufunguo mmoja, glutameti, uko mikononi mwa seli inayotuma. Wa pili, badiliko la umeme, uko kwa seli inayopokea. Ni lazima zote mbili zifunguliwe kwa wakati mmoja. Hapo kalsiamu huingia kwa wingi, na kalsiamu ndiyo inayoamsha kimeng'enya CaMKII, ambacho husababisha vipokezi zaidi vya AMPA kuwekwa na kushikizwa kwenye sinapsi hiyo. Glutameti ileile iliyomwagwa jana sasa hupata vipokezi vingi zaidi vya kuipokea, na mwitikio unakuwa mkubwa. Kwa nguvu hiyo kudumu siku nyingi, seli hulazimika pia kutengeneza protini mpya.

Mpango huu unaeleza jambo ambalo kila mtu amelipitia. Sinapsi dhaifu, ikipiga peke yake, haiwezi kuing'oa magnesiamu. Ikipiga wakati sinapsi nyingine zenye nguvu zimekwisha kuisukuma seli, inapata ufunguo wa pili kwa jirani zake na kuimarika pamoja nao. Kwa njia hiyo harufu hafifu ya moshi wa mkaa inaweza kufungamana na sura ya jiko la bibi, na siku nyingine harufu ikairudisha sura.

Uthibitisho wa kwanza ulitoka Vancouver mwaka 1983. Graham Collingridge, Steven Kehl na Hugh McLennan walifanya kazi na vipande vyembamba vya hipokampasi ya panya vilivyowekwa hai katika maji ya chumvi. Waliongeza dawa inayokizuia kipokezi cha NMDA, ile inayojulikana kama AP5. Mazungumzo ya kawaida ya sinapsi yaliendelea bila kutikisika, lakini mfululizo wa mipigo haukuzalisha tena LTP. Pale ambapo LTP ilikuwa imekwisha kuzalishwa, dawa haikuiondoa. Maana yake ni kwamba NMDA ni mlango wa kuingilia, wala si ghala. Mwaka uliofuata makundi mawili ya watafiti, moja la Paris na lingine la Marekani, yalieleza kazi ya magnesiamu.

Kutoka kipande cha ubongo hadi mnyama anayejifunza ni mwendo mrefu. Richard Morris, akiwa Scotland, alikuwa amebuni bwawa la mviringo lenye maji yaliyotiwa weupe, ambamo jukwaa dogo limefichwa chini kidogo ya uso wa maji. Panya hupenda kutoka majini, na baada ya kurudia mara kadhaa hujifunza kuogelea moja kwa moja kwenye jukwaa kwa kutazama vitu vya chumbani. Mwaka 1986 Morris na wenzake waliwapa panya AP5 moja kwa moja ubongoni kwa pampu ndogo. Jukwaa lilipoondolewa ili kuwapima, panya wa kawaida walizunguka zaidi mahali lilipokuwa. Waliopewa dawa walitafuta kila upande kana kwamba hawakujua mahali. Lakini walipotakiwa kutofautisha majukwaa mawili yanayoonekana kwa macho, moja la kupandika na lingine la kuzama, walijifunza vizuri. Kilichoharibika kilikuwa ramani.

Kwa miaka michache jambo lilionekana limekwisha. Halikuwa limekwisha. Mwaka 1995 David Bannerman na wenzake, Morris mwenyewe akiwa miongoni mwao, waliripoti kwamba panya waliowahi kufunzwa katika bwawa jingine kabla ya kupewa AP5 walijifunza mahali papya bila shida, ingawa LTP ilikuwa imezuiwa. Watafiti wengine wakaongeza kwamba dawa hizi huyumbisha mwendo na hisi, kiasi kwamba panya asiye na uzoefu huweza kushindwa na kuogelea kwenyewe. Kisha mwaka 2012 Bannerman na wenzake wakatumia panya waliokosa kipokezi cha NMDA katika sehemu mbili za hipokampasi tu. Panya hao walijifunza bwawa kama wengine. Walikwama pale tu palipokuwa na alama mbili zinazofanana, moja ya kweli na moja ya uongo, na ikawapasa kuchagua.

Matokeo haya hayaivunji nadharia, ila yanaipunguzia madai. Kinachoonekana ni kwamba kipokezi hiki katika hipokampasi hakihitajiki kwa kila ukumbusho wa mahali. Huenda kazi yake kubwa ni kutenganisha mambo yanayokaribiana sura. Hata ndani ya hipokampasi yenyewe, sinapsi za njia inayoingia tabaka la CA3 huimarika bila NMDA kabisa.

Upande wa pili wa mizani kuna jaribio la Jonathan Whitlock na wenzake katika maabara ya Mark Bear, mwaka 2006. Panya walipewa mshtuko mara moja walipoingia chumba cha giza, na kuanzia hapo wakakiepuka. Baadhi ya vipimo vilivyopandikizwa CA1 vilionyesha mwitikio umekua, na sinapsi hizo zilibakiwa na nafasi ndogo ya kuimarishwa tena kwa umeme. Kujifunza kulikuwa kumetumia nafasi ileile. Ni ushahidi mzito kuliko wa dawa yoyote, kwa sababu hapa hakuna kilichozuiwa: mnyama alijifunza, na LTP ikaonekana.

Kwa binadamu, ketamini, inayotumika sana kwa upasuaji katika hospitali za Afrika Mashariki, huziba tundu la kipokezi hikihiki, na hata kwa kiasi kidogo hudhoofisha ushikaji wa mambo mapya. Ugonjwa mmoja huonyesha zaidi. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza wagonjwa, wengi wao wanawake vijana, ambao kinga ya mwili wao ilikuwa ikishambulia vipokezi vya NMDA na kuvifanya vitoweke kwenye uso wa seli. Huanza kwa kuchanganyikiwa, kuona yasiyopo na kusahau, kisha degedege, na mara nyingi hudhaniwa kuwa wazimu. Wengi hupona wakitibiwa mapema, vipokezi vikarudi, na uwezo wa kushika mambo mapya nao ukarudi. Siku za ugonjwa wenyewe kwa kawaida hazirudi.