Safu ya marudio limbikizi na jinsi inavyojengwa

Safu ya marudio limbikizi ni safu ya jedwali la takwimu inayoonyesha, kwa kila kundi, jumla ya hesabu zote kuanzia kundi la kwanza hadi hilo lililofikiwa. Safu ya kawaida ya marudio husema ni wangapi wamo ndani ya kundi moja. Safu limbikizi husema ni wangapi wako chini ya mpaka fulani. Kuna maswali mengi ambayo safu ya kwanza haiyajibu moja kwa moja ilhali ya pili huyajibu kwa kutazamwa tu.

Swali la namna hiyo huulizwa kila mara kwenye mialo ya Ziwa Viktoria wanapopimwa sangara. Kwa miaka mingi kipimo kilichokubaliwa na nchi zinazolizunguka ziwa hilo kilikuwa sangara wa urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Walio chini ya 50 wengi wao hawajapata kuzaliana, na wale wakubwa kupita 85 ndio wazazi wanaotaga mayai kwa wingi. Kwa hiyo mtu anayepima samaki mwaloni hashughuliki sana na idadi ya waliomo kati ya sentimita 50 na 59. Anachotaka kujua ni wangapi hawakufika 50, na hilo ni swali la ulimbikizaji.

Tuseme wamepimwa sangara 80. Namba zifuatazo ni za kubuni, zimewekwa ili hesabu ionekane wazi. Kila samaki ameandikiwa sentimita kamili alizozifikia, kama umri wa mtu unavyohesabiwa kwa miaka aliyokwisha kuitimiza: mwenye 49.8 ameandikwa 49, si 50.

| Urefu (sm) | Idadi ya samaki | Marudio limbikizi |
|---|---|---|
| 30–39 | 6 | 6 |
| 40–49 | 14 | 20 |
| 50–59 | 23 | 43 |
| 60–69 | 18 | 61 |
| 70–79 | 11 | 72 |
| 80–89 | 6 | 78 |
| 90–99 | 2 | 80 |

Mstari wa kwanza wa safu ya tatu hunakiliwa ulivyo kutoka safu ya pili, kwa kuwa hakuna kundi lililoutangulia: 6. Katika mstari wa pili, ile 6 iliyokwisha kupatikana hujumlishwa na 14 ya kundi jipya, ikawa 20. Katika mstari wa tatu, 20 hujumlishwa na 23, ikawa 43. Kanuni ni hiyo hiyo hadi chini: jumla iliyo juu, katika safu ya tatu, huongezwa idadi iliyo kando, katika safu ya pili. Wanaoanza kujifunza hukosea hapa mara nyingi kwa kujumlisha namba mbili za safu ya pili, yaani 14 na 23, wakaandika 37 mahali pa 43. Kosa hilo huwasahau samaki sita wa kundi la kwanza, na mistari yote inayofuata huwakosa vilevile.

Kundi lisilo na samaki hata mmoja halirukwi. Hupewa mstari wake, na safu limbikizi hurudia namba ya mstari wa juu. Namba ikijirudia ina maana kwamba hakuna aliyeongezeka. Ikishuka, jedwali lina kosa bila shaka, maana waliokwisha kuhesabiwa hawawezi kupungua kwa kuendelea kuhesabu.

Namba ya mwisho lazima ilingane na jumla ya vipimo vyote, hapa 80. Ni ukaguzi wa haraka, nao hufichua makosa mengi ya kujumlisha. Tuseme mstari wa nne umeandikwa 71 badala ya 61 kwa kubeba kumi isiyokuwapo. Basi mistari iliyobaki itakuwa 82, 88 na 90, yote ikiwa imezidi kwa kumi ile ile, maana kila mstari umejengwa juu ya uliotangulia. Kulipata kosa hakuhitaji kurudia kazi nzima. Inatosha kutoa kila namba ya safu ya tatu kutoka kwa ile inayoifuata: 71 kutoa 43 ni 28, ilhali safu ya pili inasema 18. Mstari ambao tofauti yake hailingani na idadi iliyo kando ndio ulioharibika.

Ukaguzi huo, hata hivyo, una upofu wake, na ni vema ujulikane. Tuseme samaki wa sentimita 49 amewekewa alama kimakosa katika kundi la 50–59. Safu ya pili itasomeka 13 na 24, na safu limbikizi itakuwa 6, 19, 43, 61 na kuendelea hadi 80. Jumla ya mwisho ni sahihi, na kila mstari ni sahihi isipokuwa mmoja. Lakini mstari huo mmoja ndio uliokuwa ukitafutwa, ule wa walio chini ya 50. Hakuna hesabu ya jedwali inayoweza kulibaini kosa hilo. Hubainika kwa kurudi kwenye orodha ya vipimo vya awali na kuwahesabu upya walio karibu na mpaka.

Mpaka wenyewe unastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo sehemu inayokosewa hata na waliozoea. Namba 20 katika mstari wa pili haisomwi kuwa ya 40–49. Inasomwa kwamba samaki 20 wako chini ya mwisho wa kundi hilo. Mwisho huo ni upi? Kwa kuwa hapa urefu umeandikwa kwa sentimita kamili zilizofikiwa, kundi la 40–49 linaishia pale pale 50 inapoanza, hivyo mpaka wake wa juu ni 50. Kama vipimo vingekuwa vimekadiriwa kwa sentimita iliyo karibu zaidi, samaki wa 49.6 angeandikwa 50, na mpaka ungekuwa 49.5. Vitabu vingi vya shule hutumia mtindo huu wa pili, kwa hiyo mwanafunzi huzoea kuongeza nusu kila mara bila kuuliza. Jibu haliko kwenye jedwali, liko kwa aliyepima: ni yeye anayejua namba iliandikwaje.

Baada ya mpaka kueleweka, jedwali husomeka kwa urahisi. Walio chini ya 50 ni 20. Waliofika 70 na kuendelea hupatikana kwa kutoa walio chini ya 70, yaani 61, kutoka 80: wamebaki 19. Walio kati ya mipaka miwili hupatikana kwa kutoa mstari mmoja kutoka mwingine: kuanzia 50 hadi kabla ya 80 ni 72 kutoa 20, yaani 52.

Ugumu hutokea kwa 85, kwa sababu namba hiyo iko katikati ya kundi na wala si mpakani. Jedwali linasema walio chini ya 80 ni 72 na walio chini ya 90 ni 78. Walio chini ya 85 ni lazima wawe kati ya namba hizo mbili, zaidi ya hapo jedwali halijui kitu. Kawaida huchukuliwa kwamba samaki wa kundi wametawanyika sawasawa ndani yake. Basi nusu ya upana wa kundi hupewa nusu ya samaki sita, na makadirio huwa 75. Walio ndani ya kipimo kilichokubaliwa watakuwa 75 kutoa 20, yaani 55. Ile 20 imehesabiwa, ile 75 imekisiwa, na anayeandika ripoti ana wajibu wa kulisema hilo.

Kwa njia hiyo hiyo hupatikana urefu wa samaki wa katikati. Nusu ya 80 ni 40. Ukishuka kwenye safu limbikizi, 20 haijafika 40, na 43 imeipita, kwa hiyo wa katikati yumo katika kundi la 50–59. Wanahitajika samaki 20 zaidi kati ya 23 wa kundi hilo. Kumi zidisha 20, gawanya kwa 23, ni karibu 8.7, na ukiongeza kwenye 50 unapata takriban sentimita 58.7.

Wanaopenda kuona kwa macho huchora. Urefu huwekwa kwenye mstari wa chini na marudio limbikizi kwenye mstari wa wima. Kila nukta huwekwa juu ya mpaka wa juu wa kundi: 6 juu ya 40, 20 juu ya 50, 43 juu ya 60. Mchoro huanzia sifuri juu ya 30, kwa kuwa hakuna aliye chini ya hapo. Anayeweka nukta katikati ya makundi, kama ilivyo desturi katika mchoro wa marudio ya kawaida, huusogeza mchoro wote sentimita tano kushoto. Samaki wa katikati atasomeka karibu 53.7, na ziwa litaonekana lina samaki wadogo kuliko waliopimwa.

Kazi ikifanywa kwa kompyuta, ikiwa idadi zimeanzia chumba B2, katika C2 huandikwa fomula hii kisha hunakiliwa hadi chini:

```
=SUM(B$2:B2)
```

Alama ya dola huushikilia mwanzo usisogee. Ikiachwa, kila mstari utajumlisha chumba kimoja tu, na safu ya tatu itakuwa nakala ya safu ya pili. Safu mbili zinazofanana kabisa ni dalili tosha ya kosa hilo.

Kulinganisha mialo miwili huhitaji hatua moja zaidi. Tuseme mwalo mwingine una samaki 38 walio chini ya 50 kati ya 200 waliopimwa. Idadi yake inazidi ile 20, lakini 20 kati ya 80 ni asilimia 25, na 38 kati ya 200 ni asilimia 19. Kila namba limbikizi hugawanywa kwa jumla ya mwalo wake kabla ya kuwekwa kando ya nyingine.

Ajuaye mapema kwamba ataulizwa kuhusu 50 na 85 hapaswi kuyapanga makundi kwa kumikumi. Makundi ya sentimita tano, 80–84 na 85–89, yangeuweka mpaka wa 85 kwenye mstari wake, na ile 75 isingekisiwa, ingehesabiwa. Mipaka ya makundi ipangwe kwa kuangalia maswali yatakayoulizwa, tena kabla samaki wa kwanza hajawekewa alama, kwa sababu vipimo vikishakusanywa katika makundi na orodha ya awali ikatupwa, hakuna njia ya kuyagawa upya.