Kabla ya bei, kipimo: Ahadi inayolifaa duka la dawa

KIBAO cha duka la dawa hakina nafasi kubwa. Jina la duka likishaandikwa, pengine na picha ya chupa, hubaki mahali pa maneno matatu au manne tu. Katika miji ya chini ya Mlima Kenya, kutoka Karatina hadi Nanyuki, mwenye duka hushawishika kuyatumia maneno hayo kutangaza bei nafuu. Tuchukue mfano wa duka la mtaani hapo Kiganjo, ambapo wateja ni familia za polisi wa chuo, wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa na wakulima wa jirani. Je, mwenye duka hilo aandike nini ikiwa anataka kuahidi ushauri sahihi na dozi sahihi kuliko punguzo?

Maneno kama "Tunakujali" hayafai kitu. Hata mwuza viatu anaweza kuyaandika, wala mteja hana njia ya kuyapima. Kaulimbiu nzuri ni ile ambayo mteja anaweza kuikagua akiwa amesimama mbele ya kaunta. Pendekezo letu ni hili: "Kabla ya bei, kipimo." Ni maneno machache, na mtu yeyote akiyasoma atatarajia kuona mizani dukani. Mizani isipokuwapo, kaulimbiu hiyo ni uongo.

Ili tuelewe ni kwa nini mizani ni muhimu hivyo, tuitazame dawa inayonunuliwa sana wakati wa baridi ya Julai, yaani parasitamoli ya maji ya watoto. Mama anaingia na kusema, "Nipe dawa ya homa ya mtoto wa miaka miwili." Muuzaji wa haraka atateremsha chupa, ataandika "kijiko kimoja mara tatu" na kupokea pesa. Lakini watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kutofautiana kwa kilo tatu au nne. Dozi ya dawa hii hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa nne hadi sita, wala isizidi mara nne kwa siku nzima ya saa 24.

Tuseme mtoto amepandishwa kwenye mizani na ana kilo 12. Kumi mara 12 ni miligramu 120, na 15 mara 12 ni miligramu 180. Chupa nyingi za dawa hii zina miligramu 120 katika kila mililita tano. Basi mtoto huyu atapewa mililita tano, na asipite mililita saba na nusu kwa mara moja. Hesabu hiyo haichukui hata dakika mbili.

Hatari huanza nyumbani. Mama akiambiwa "kijiko", atachukua kijiko kipi? Kijiko cha kupimia dawa hubeba mililita tano, lakini kile cha mezani hubeba karibu 15. Mtoto wetu akipewa kijiko cha mezani, atakuwa amemeza miligramu 360, ambazo ni mara mbili ya kiwango cha juu. Akipewa hivyo mara nne kwa siku, kwa siku mbili au tatu mfululizo, ini lake laweza kudhurika. Ubaya wa jambo hili ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Kichefuchefu na maumivu ya tumbo huweza kuchelewa, na mzazi akadhani ni ile homa ya kwanza. Kwa hiyo mwenye duka anayejali humpa mama kikombe cha vipimo au bomba la kuvutia dawa, kisha anatia alama kwa kalamu pale dawa inapopaswa kufika.

Kosa jingine hutokana na chupa zenyewe. Kuna dawa ya matone ya watoto wachanga ambayo ina miligramu 100 katika kila mililita moja. Mililita tano za matone hayo ni miligramu 500, yaani zaidi ya mara nne ya zile za chupa ya kawaida. Jina la dawa ni lile lile, bali nguvu ni tofauti. Tena, dawa kadhaa za mafua zina parasitamoli ndani yake. Mzazi anayempa mtoto dawa ya mafua na ya homa kwa pamoja huenda anampa dawa moja mara mbili bila kujua. Ndiyo sababu swali la kwanza la mfamasia linapaswa kuwa, "Mama, umempa nini tangu jana?"

Hapa ndipo punguzo linapogongana na ahadi. Ofa ya chupa mbili kwa bei ya moja humfanya mzazi arudi nyumbani na dawa asiyoihitaji, ambayo mwezi ujao atampa mtoto mwingine mwenye uzito mwingine. Nako kumuuzia mtu vidonge vinne vya antibiotiki kwa kuwa ndizo pesa alizo nazo ni nafuu ya uongo. Antibiotiki hutakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari, na mafua yanayoletwa na virusi hayaponi kwayo. Duka lenye kaulimbiu yetu litalazimika kusema, "Hii hatukuuzii," na kukosa faida ya siku hiyo.

Pia litalazimika kumtuma mteja kwingine. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, aliyepatwa na degedege, anayepumua kwa shida au asiyeweza kunywa, hapaswi kupewa chupa na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja. Vilevile, kwa kuwa Nyeri ni nchi ya baridi na malaria si ya kawaida, yafaa kuuliza kama mtoto ametoka safari ya Kisumu au Pwani hivi karibuni. Akiwa ametoka huko, apimwe damu kabla ya lolote.

Kwamba duka dogo la mtaani laweza kujulikana kwa ushauri si ndoto. Nchini Tanzania, mnamo mwaka 2003, mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia mkoani Ruvuma. Wauzaji walifunzwa, maduka yakakaguliwa, nayo yakapewa nembo ambayo wananchi wangeitambua. Nembo ilikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na mafunzo na ukaguzi nyuma yake.

Hapa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo hutoa leseni, nayo huhuishwa kila mwaka. Basi msomaji, ukiingia katika duka lolote la dawa, liwe la Kiganjo au la Nairobi, tazama leseni ukutani na usome mwaka wake. Kisha ngoja usikie maswali. Ukiulizwa uzito wa mtoto, dawa alizokwisha kupewa na kama kuna dawa inayomdhuru, umefika mahali pazuri hata kama bei imezidi kidogo. Ukitajiwa bei kwanza bila swali lolote, usiondoke na chupa kabla wewe mwenyewe hujauliza: mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, na kwa siku ngapi?