Kidoa Kilekile Angani

Picha zilizopigwa Serengeti asubuhi moja zinaweza kuwa na twiga, migunga na magari ya watalii, na zote zikawa na kidoa cha kijivu palepale, juu kushoto angani. Ndege angehama. Kidoa hiki hakihami, hata kamera igeuzwe upande gani.

Wengi hukimbilia kufuta lenzi, na kidoa kinabaki. Vumbi lililoko mbele ya lenzi haliwezi kuchora alama yenye umbo, kwani liko mbali mno na mahali picha inapoundwa. Likizidi sana hufifisha picha nzima. Kidoa kinachorudia mahali pamoja hutoka ndani, kwenye kioo chembamba kinachofunika sensa, yaani sehemu inayopokea mwanga. Punje ya vumbi iliyoingia wakati wa kubadilisha lenzi hutua hapo na kuangusha kivuli.

Kivuli hicho hutegemea tundu la lenzi. Tundu likiwa wazi, kwa mfano f/2.8, mwanga huifikia punje kutoka pande nyingi na kivuli hutawanyika hadi kisionekane. Tundu likibanwa hadi f/16 au f/22, mwanga huja kwa njia nyembamba na kivuli hukaza. Ndiyo maana mpigapicha anaweza kupiga sura za watu mwezi mzima bila kuona kitu, kisha mandhari ya siku moja yakajaa madoa.

Ukaguzi hutumia siri hiyohiyo. Kamera huwekwa ISO 100 na f/22, kisha hulenga ukuta mweupe au anga tupu, lenzi ikiwa imetolewa kwenye fokasi kwa makusudi. Mkono ukitikisika si neno: ukuta utafutika, lakini madoa yatabaki makali kwa sababu yanasafiri pamoja na sensa. Picha hiyo ikikuzwa na kuongezewa utofauti wa weusi na weupe kwenye kompyuta, kila punje itajitokeza. Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Lenzi hupindua picha juu chini, kwa hiyo anayeitazama sensa kutoka mbele, kamera ikiwa wima, atakuta kidoa cha juu kushoto kipo chini kushoto.

Usafishaji salama huanza na njia isiyogusa chochote. Kamera nyingi zina amri ya kutikisa kioo cha sensa kwenye menyu, na inafaa kurudiwa mara kadhaa. Isipotosha, hufuata kipulizio cha mpira kinachobinywa kwa mkono. Betri iwe imejaa. Kwa kamera yenye kioo cha kuakisi, amri ya kukiinua kwa ajili ya usafi ndiyo itumike, kwa kuwa betri ikiisha katikati ya kazi, kioo na shata hurudi na kugonga chochote kilichomo. Mdomo wa kamera huelekezwa chini ili punje zidondoke, na ncha ya kipulizio isiingie ndani. Pumzi ya kinywa huacha matone ya mate. Hewa ya kopo inaweza kutema kimiminika kinachoganda kwenye kioo. Zote mbili ziepukwe kabisa.

Baada ya kupuliza, picha ya ukaguzi hupigwa tena, na mara nyingi kazi huishia hapo. Punje iliyogandamana huhitaji kijiti maalumu chenye kitambaa, chenye upana unaolingana na sensa: milimita 24 kwa sensa kubwa ya fremu kamili, 16 kwa APS-C. Matone mawili ya dawa ya sensa yanatosha. Yakizidi huacha michirizi. Kijiti hupitishwa mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, hugeuzwa, hurudishwa kwa upande wa pili, kisha hutupwa. Kukitumia tena ni kuburuta mchanga juu ya kioo.

Madoa yanayorejea haraka, tena kwenye kona ileile, yana kisa kingine. Nikon D600 ilipotoka mwaka 2012, wenye kamera hiyo walilalamikia madoa yaliyorundikana hasa juu kushoto, na yakirudi hata baada ya kusafishwa. Februari 2014 Nikon ilitangaza kuzikagua, kuzisafisha na kuzibadilishia shata na sehemu zinazohusiana bila malipo, hata zile ambazo waranti yake ilikwisha. Kabla ya hapo, Oktoba 2013, ilikwishatoa D610 yenye shata mpya. Kwa hiyo picha za ukaguzi zihifadhiwe pamoja na tarehe zake. Fundi akionyeshwa picha mbili, ya siku ya kusafisha na ya wiki chache baadaye, ataona upesi kama anakabiliana na vumbi la barabarani au uchafu unaozalishwa na kamera yenyewe.